Kelele za mtangazaji zinakuonyesha goli lilipo, ila mechi huwa imegeuka kabla

"Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu anafanya kazi zamu ya usiku, mechi nyingi zinampita. Mimi huwa narekodi matangazo ya redio alafu namwandikia ufupisho asome akiamka. Naruka ruka mpaka pale mtangazaji anapopiga kelele, naandika goli na dakika, basi. Shida analalamika, anasema 'umenipa matokeo, hujanipa mechi', na mara mbili nimemwandikia dakika za uongo. Kusikiliza masaa mawili na nusu yote siwezi. Nifanyeje?"

Marahaba. Kaka yako yuko sahihi, ila na wewe hujakosea sana, umeanza na nusu ya kazi ukadhani ndio kazi yote. Kelele za mtangazaji ni alama nzuri ya kukuonyesha goli lilipo. Tatizo ni kwamba mtangazaji anapiga kelele pale jambo linapofika mwisho, yaani mpira ukishaingia nyavuni au ukigonga mtambaa panya. Lile lililosababisha goli lipo dakika tano, kumi, wakati mwingine ishirini nyuma, na pale alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, labda alikuwa anasoma namba ya mchezaji anayeingia huku mchambuzi pembeni yake anakunywa maji. Kwahiyo ukifuata kelele peke yake utapata matokeo na hutapata sababu.

Nitakuonyesha kwa mechi ambayo karibu kila mtu anaijua, fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina na Ufaransa, tarehe 18 Disemba kule Lusail, Qatar. Nimeichagua makusudi kwasababu matokeo unayajua, kwahiyo unaweza kujipima mwenyewe kama njia inafanya kazi kabla hujaipeleka kwenye mechi usiyoijua.

Tuanze na dakika za uongo, hilo ndo rahisi na ndo linakupotezea heshima kwa kaka.

Rekodi ina saa yake na mechi ina saa yake, na hizi mbili hazilingani hata siku moja. Ulipobonyeza kurekodi bado walikuwa wanasoma vikosi, alafu kuna mapumziko katikati, alafu kuna dakika za fidia ambazo refa anaongeza. Unachotakiwa kufanya kabla ya kitu kingine chochote ni kutafuta vipyenga viwili tu, cha kuanza kipindi cha kwanza na cha kuanza kipindi cha pili, uandike vipo wapi kwenye rekodi. Tuseme kipyenga cha kwanza umekisikia kwenye 06:40 ya rekodi. Penalti ya Messi unaisikia inaingia kwenye 29:20. Toa moja kwa nyingine unapata 22:40. Sasa hapa watu wengi wanaandika dakika ya 22, kumbe kwenye mpira dakika inahesabiwa ile inayoendelea, sio ile iliyoisha, kwahiyo 22:40 ni dakika ya 23. Na kweli goli lile limeandikwa dakika ya 23 kila mahali.

Kipindi cha pili ndo pana mtego. Kile kipindi cha kwanza cha fainali kiliongezewa dakika 7, alafu mapumziko, tuseme kipyenga cha pili umekikuta kwenye 1:15:40. Saa ya mechi inaanza tena kwenye 45 kamili, haijali zile 7 zilizoongezwa. Goli la kwanza la Mbappé unalisikia kwenye 1:50:00. Toa 1:15:40 unapata 34:20, jumlisha 45, ni 79:20, yaani dakika ya 80. Ila mtu anayeendelea kuhesabu toka kipyenga cha kwanza anapata 103 na ushee, anaandika dakika ya 104 wakati mechi haikuwa hata imefika dakika 90. Nahisi ndo kilichokupata zile mara mbili, au kitu cha jamii hiyo. Zikija dakika 30 za ziada unatafuta kipyenga kingine tena, saa inaanza kwenye 90 kamili bila kujali fidia, na kipindi cha pili cha hizo ziada inaanza kwenye 105. Vipyenga vinne kwa jumla, hesabu nne ndogo.

Njia ya kuhakikisha ni kusubiri mtangazaji wa redio ataje dakika mwenyewe, maana wa redio anataja mara kwa mara, msikilizaji wake haoni saa kwenye kioo. Ukisikia anasema "dakika ya sitini na nane" na hesabu yako inakupa 68 au 67, uko sawa. Ikikupa 75 basi ile uliyodhani ni kipyenga cha kuanza ilikuwa ya kitu kingine, rudi nyuma.

Haya, magoli. Wewe unaruka ruka ukitafuta kelele kwa bahati, na kama unatumia programu inayochora mawimbi ya sauti unaangalia yale yaliyonyanyuka. Inasaidia kidogo, ila vituo vingi vya redio vinapitisha sauti kwenye mtambo unaobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo ili uweze kusikia vizuri ukiwa kwenye gari, na matokeo yake faulo katikati ya uwanja na goli la ushindi yanachorwa urefu ule ule. Kinachotofautisha goli sio urefu wa wimbi, ni muda. Shuti lililopaa kelele zinazima baada ya sekunde chache, goli linaendelea, mashabiki wanabaki juu na mtangazaji anarudia jina la mfungaji mara tatu nne.

Kuna njia ya uhakika zaidi ambayo mi naitumia siku zote, naiita kukata katikati. Mtangazaji wa redio anarudia matokeo kila baada ya dakika chache kwa ajili ya watu wanaofungua redio katikati ya mechi. Tumia hicho. Nenda kwenye mapumziko, sikiliza sekunde ishirini mpaka ataje matokeo: Argentina 2, Ufaransa 0. Nenda mwisho wa dakika 90: 2-2. Kwahiyo kipindi cha pili kina magoli mawili na yote ni ya Ufaransa. Nenda dakika ya 68, bado 2-0, maana yake toka mapumziko mpaka pale hakuna goli, huna haja ya kusikiliza kulitafuta. Nenda ya 79, bado 2-0. Nenda ya 85, ni 2-2. Umebakiwa na dakika sita tu za kusikiliza na ndani yake yamo magoli mawili. Rekodi nzima ya masaa mawili na nusu unaimaliza hivo kwa kusikiliza vipande kumi na kitu vya sekunde ishirini ishirini.

Udhaifu wake uujue. Hii njia inakamata kilichobadilisha ubao wa matokeo tu. Goli lililokataliwa, penalti iliyopanguliwa, kadi nyekundu, hivo vyote havionekani kwa kulinganisha matokeo. Kwa hivo unasikiliza uchambuzi wa mapumziko na dakika kama tano za mwisho wa matangazo, pale wanavitaja vyote kwa haraka haraka, unaandika pembeni orodha ya vitu vya kwenda kutafuta. Usiandike wanavyovieleza, andika tu kwamba vipo.

Na kuna mtego mmoja umeniaibisha mimi mwenyewe. Wakati wa mapumziko redio nyingi zinarusha tena magoli ya kipindi cha kwanza, kelele zile zile, sauti ile ile. Kuna siku nilikuwa na haraka nikamwandikia mjomba wangu 3-1, mechi imeisha 2-1, lile la tatu lilikuwa marudio ya la kwanza. Mjomba akaenda kutambia watu kazini na zile 3-1 zangu. Toka siku hiyo sihesabu goli mpaka nisikie mtangazaji anataja matokeo mapya baada yake, na ndo maana napenda hii ya kukata katikati, haidanganyiki na marudio.

Kusubiri matokeo mapya kunakulinda na kitu kingine. Kelele ya kwanza ya mtangazaji ni ya mtu aliyeona kitu nusu sekunde iliyopita, jina anaweza kukosea, goli lenyewe linaweza kukataliwa. Angalia la tatu la Argentina, dakika ya 108. Lautaro Martínez anapiga, kipa wa Ufaransa Lloris anapangua, Messi anamalizia, beki anautoa mpira lakini umeshavuka mstari, na bado kuna swali la kama kuna mtu alikuwa ameotea. Ukikata sauti yako kwenye sekunde kumi za kwanza unaweza kuandika chochote pale, goli, sio goli, la nani. Kaa dakika mbili tatu mpaka mpira uanzishwe tena katikati. Mpira ukianzishwa katikati, ni goli, mjadala umefungwa.

Sasa tuje kwenye malalamiko ya kaka, "hujanipa mechi". Hapa nakaa kidogo maana ndo penyewe.

Ukishapata magoli yote usiyaandike kwanza. Chukua lile lililobadilisha mwelekeo, sio lazima liwe la ushindi, kwenye fainali yetu ni yale mawili ya Mbappé dakika ya 80 na 81 ambayo yalipishana sekunde 97. Rudi nyuma dakika kumi na tano alafu sikiliza kwenda mbele, unaweza kuweka kasi ya moja na nusu haina shida. Usisikilize kelele, sikiliza majina. Mtangazaji wa redio kazi yake ni kutaja mwenye mpira, kwahiyo jina linalotajwa mara nyingi ni la timu yenye mpira, na ukiongeza maneno ya mahali, "nje ya boksi", "upande wa kulia", "katikati ya uwanja", "anarudisha kwa kipa", unapata picha ya mechi inachezewa wapi bila kuona hata picha moja. Mi nachukua karatasi nachora mstari katikati, kushoto timu moja kulia nyingine, kila jina linalotajwa karibu na boksi la wapinzani naweka kijiti. Dakika tano, nafunga, dakika tano nyingine. Vijiti vikihama upande, umepata eneo ambalo mechi ilianza kugeuka, na mara nyingi vinahama kabla goli halijafungwa.

Alafu jiulize majina yaliyohusika kwenye goli lenyewe yalianza kutajwa lini. Hili swali ni tamu. Penalti ya dakika ya 80 ilipatikana baada ya Otamendi kumwangusha Kolo Muani. La dakika ya 81 lilianza na Coman kumnyang'anya mpira Messi, baadae Mbappé akagongeana na Thuram akapiga bila mpira kugusa chini. Haya, Kolo Muani, Coman, Thuram. Rudi kwenye vikosi vilivyosomwa mwanzo wa rekodi, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu. Wote waliingia. Kolo Muani na Thuram waliingia dakika ya 41, wakatoka Giroud na Dembélé, yaani kocha wao Deschamps hakusubiri hata mapumziko. Coman aliingia dakika ya 71 pamoja na Camavinga, wakatoka Griezmann na Theo Hernández.

Umeona? Ukifuata kelele unaandika "Mbappé katupia mawili dakika ya 80 na 81", na kaka anabaki anajiuliza timu ambayo kipindi cha kwanza chote haikupiga shuti hata moja ilipata wapi nguvu hiyo ghafla. Ukirudi nyuma ukafuata majina, jibu lipo pale kwenye mabadiliko, na wakati mabadiliko yale yanafanyika hakuna mtu anayepiga kelele, ni ile "anatoka namba fulani anaingia namba fulani" ambayo wewe ungeiruka bila kufikiri.

Ila sasa nikuambie ukweli, sababu ya mechi kugeuka sio kitu cha kupima kwa rula. Kuna mtu atakuambia ile fainali iligeuka dakika ya 64 alipotoka Di María, na ana hoja nzito. Di María ndo aliangushwa ikapatikana penalti ya kwanza, Di María ndo alifunga la pili dakika ya 36, alikuwa anawasumbua wale wa kulia wa Ufaransa muda wote. Akatoka akaingia Acuña, mtu wa kukaba zaidi. Kwahiyo ni kutoka kwa huyu au kuingia kwa wale? Kipimo changu ni kuliondoa tukio kichwani uone kama yanayofuata bado yanasimama. Ondoa Coman, mpira wa Messi haunyang'anywi pale, goli la 81 halipo. Ondoa mabadiliko ya Di María, hapo sina uhakika, pengine Argentina wangeendelea kumiliki, pengine angechoka tu. Kwahiyo mi naandika ya 71 kama ndo pa kugeukia na ya 64 naitaja kwa sentensi moja, kaka akitaka kubishana abishane, hiyo ndo raha yake.

Muhimu usiandike maoni ya mchambuzi kama vile ni tukio. Akisema "wamechoka" hayo ni maoni. Akisema "kadondoka wa pili, ana mkakamao wa misuli" hilo ni tukio. Wachambuzi wana tabia ya kuongea baada ya goli kama vile walikuwa wanaliona linakuja, rudi dakika kumi nyuma kwenye rekodi hiyo hiyo umsikilize, mara nyingi alikuwa anasema kinyume kabisa. Nacheka sana hapo.

Alafu kuna matukio ambayo hayakuwa goli lakini lazima yaingie. Kipimo ni kile kile, je lingekwenda upande mwingine mechi ingeisha tofauti? Dakika ya 120 na ushee, matokeo 3-3, Kolo Muani anabaki yeye na kipa, Emiliano Martínez anautoa kwa mguu. Ubao haukubadilika, ukikata katikati hutaliona kabisa, lakini mpira ule ungeingia Ufaransa ndo mabingwa. Hili linaingia hata kama umebakiwa na sentensi tatu tu za kuandika. Shuti la dakika ya 15 lililopaa juu haliingii hata mtangazaji alie vipi.

Basi ufupisho wenyewe ungeonekana hivi, nauandika kama ningemtumia kaka:

"Argentina 3 Ufaransa 3, Argentina kachukua kombe kwa matuta 4-2. Kipindi cha kwanza cha upande mmoja, Di María kaangushwa na Dembélé kwenye boksi, Messi kaweka penalti dk 23, Di María mwenyewe la pili dk 36. Ufaransa hata shuti hawana, kocha katoa wawili dk 41, wameingia Thuram na Kolo Muani. Dk 64 Di María katolewa. Dk 71 Ufaransa wakaingiza Coman na Camavinga, na hapo ndo ikageuka. Dk 80 Kolo Muani kaangushwa, Mbappé penalti. Sekunde 97 baadae Coman kampokonya Messi, Mbappé na Thuram wakagongeana, 2-2. Messi 3-2 dk 108, ilichunguzwa ikakubaliwa. Dk 118 Mbappé tena kwa penalti, Montiel kashika mpira, 3-3, hat-triki hiyo. Sekunde za mwisho Kolo Muani yeye na kipa, Martínez kautoa kwa mguu. Matuta: Coman kapanguliwa, Tchouaméni katoa nje, Argentina hawajakosa hata moja, la mwisho kapiga Montiel yule yule."

Hayo ni maneno mia na kidogo. Angalia nafasi ilivyogawanywa, dakika 40 za mwanzo zina sentensi moja, na kutoka ya 71 mpaka 81 zina tatu. Usigawe sawa kwa sawa eti kila robo saa ipate sentensi yake, mechi zenyewe haziko hivo. Na mechi ya 0-0 isiyo na kitu iandike kwa sentensi mbili, kaka atakushukuru.

Suala la matokeo kukaa mwanzo au mwisho muulize mwenyewe. Kuna mtu ukimwanzia na matokeo umemuua, anataka asome kama anasikiliza, presha impande. Mwingine anataka ajue kwanza kashinda nani ndo asome kwa amani. Kama ni wa aina ya kwanza basi hata kichwa cha ujumbe kisiwe na namba, maana simu inaonyesha mstari wa kwanza kabla hajafungua.

Kama anapenda sauti, mkatie kipande kimoja au viwili umtumie pamoja na maandishi. Kwa kompyuta yenye programu ya kukata sauti ya ffmpeg ni mstari mmoja tu, hapa naanzia 1:48:30 ya rekodi, sekunde 240, kwahiyo kinabeba faulo, penalti na goli la pili lote:

```
ffmpeg -ss 01:48:30 -i mechi.mp3 -t 240 -c copy mabao.mp3
```

Anza kukata dakika moja na nusu kabla ya goli, sio kwenye kelele. Kipande kinachoanza na "gooooli" hakina ladha, mtu hajui mpira umetokea wapi.

Muda wa kazi, mi mechi ya dakika 90 inanichukua kama dakika arobaini na tano, vipyenga na magoli robo saa, kurudi nyuma kufuata majina kama dakika ishirini, kuandika zilizobaki. Mwanzoni wewe utachukua zaidi, usishangae.

Sasa rekodi ina mwisho wake. Mtangazaji hakuona kila kitu. Kadi nyekundu ya mambo yaliyotokea mbali na mpira, mtu katolewa na hakuna aliyejua kafanya nini, kipa kabadilishwa na mtangazaji anakisia tu, hapo hata usikilize mara kumi hutapata jibu kwasababu jibu halimo kwenye sauti. Angalia ripoti rasmi ya mechi kwa mfungaji na dakika, na kama unataka kujua kilitokea nini hasa, tafuta mtu aliyekuwa uwanjani au aliyeangalia kwenye kioo umuulize ana kwa ana, swali moja tu la wazi, "ile ya dakika ya 55 ilikuwaje?" Usimuulize "mechi ilikuwaje" utakesha. Ukikosa wa kumuuliza andika "sababu haikusikika", usijazie.

Na ukianza kufikiria kuvirusha vile vipande kwenye magrupu ya watu wengi au kuvifanya biashara, hiyo ni habari nyingine, sauti ile ni mali ya kituo, nenda kaongee nao kwanza. Kumtumia kaka yako akisikilize wakati anakunywa chai sidhani kama kuna mtu atakufuata.